Simile: uchambuzi wa nasaha moja ya mzee kwa vijana wa Mji wa Kale, Mombasa

Kisa hiki kilianza na swali la mtoto. Bibi mmoja auzaye viazi karai na bajia katika kona ya uchochoro wa Kibokoni, si mbali na Ndia Kuu, alikuwa akirudi nyumbani jioni akiwa amemshika mkono mjukuu wake wa miaka 6. Walipita mbele ya baraza ambapo vijana walikuwa wakicheza dhumna. Mmoja aligonga kete yake ya mwisho mezani, na mwenzake aliyeshindwa akamrushia tusi la nguoni, lile ambalo humtaja mama wa mtu pamoja na maungo yake ya siri, kisha wote wakaangua kicheko, akiwemo yule aliyetukanwa. Bibi akaharakisha mwendo. Usiku, wakati wa chakula, mtoto alilitamka neno lile mbele ya watu wazima watano, kwa matamshi safi yasiyo na kasoro, akauliza ni kitu gani.

Siku nne baadaye mzee mmoja wa mtaa aliombwa azungumze na vijana wale. Ni mtu aliyesomesha madrasa kwa miaka mingi, na hata vijana ambao hakupata kuwasomesha humwita Maalim. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapo, na nilialikwa nikae tu, nisiseme. Nilikaa, sikusema, na usiku uleule niliandika niliyoyasikia kabla hayajanitoka. Nasaha za namna hii hutolewa mara kwa mara katika mitaa yetu, na nyingi huishia kwa "naam, Maalim" ya pamoja, kisha kesho yake dhumna na matusi yake yakaendelea kama kawaida. Hii nayo ilikaribia sana kuishia hivyo, na sababu iliyoizuia haikuwa imepangwa na mtu yeyote.

Mkutano ulifanyika Jumamosi baada ya sala ya Isha, pale pale barazani. Nilihesabu vijana 23, wengi wao wa kati ya miaka 16 na 25: madereva wa bodaboda, wawili wa tuktuk, wanafunzi wa chuo, na wengine ambao kazi zao hubadilika kila wiki. Muuza kahawa alikuwa amesimama pembeni na dele lake, akigonganisha vikombe kwa mkono mmoja, mpaka Maalim alipomtazama akaacha. Meza ya dhumna ilisukumwa ukutani. Kete ziliachwa juu yake kama zilivyokuwa, na vijana wawili waliendelea kuzitupia jicho muda wote, nadhani kwa sababu mchezo ulikuwa haujaisha.

"Wanangu, ndooni karibu," alianza Maalim kwa Kimvita chake, na wakasogea.

Kwa dakika zipatazo ishirini alisema yale ambayo kila mmoja wetu angeweza kuyasema kwa niaba yake. Zamani mtoto hakuthubutu kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Zamani mtu yeyote wa mtaa aliweza kumrudi mtoto wa mwenzake, na mzazi akashukuru. Kisha akaja kwenye lugha, na hapo akamtaja mshitakiwa wake: Sheng. Alisema kwamba lugha hiyo imetoka Nairobi, imeingia Mombasa kwa matatu na kwa muziki, na ndiyo iliyowafundisha vijana kumwita mama "mathe", baba "buda" na msichana "manzi", na kwamba anayeanza na "mathe" haishangazi akimaliza na tusi. Akasoma aya ya 19 ya Sura Luqman, inayomtaka mtu ashushe sauti yake kwa kuwa sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda. Akasoma pia aya ya 11 ya Sura Hujurat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli.

Nikitazama nyuso, niliona jambo ambalo kila mwalimu analijua. Walikuwa wametulia, wameinamisha vichwa, na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Simu tatu zilikuwa zinamulika mapajani. Utulivu ule ni wa heshima, sikatai, lakini ni heshima ya mtu anayesubiri mvua ipite.

Kosa la nusu hii ya kwanza lilikuwa katika utambuzi wa tatizo. Tusi lililomfikia mtoto yule halikuwa na hata silabi moja ya Sheng. Lilikuwa Kiswahili cha zamani na fasaha, ambacho babu wa Maalim alikijua na ambacho mabaharia na mahamali wa bandari ya kale walikitumia kwa ufundi kuliko vijana hawa. Matusi ya nguoni hayakuletwa na matatu. Na kwa upande mwingine, "mathe" na "buda" si matusi. Ni maneno ya rika, yaani alama ambayo vijana hujivika ili watambuane, na kijana husema "mathe ameniita" kwa upendo uleule ambao mwingine angesema "mama ameniita". Mzee akiyasikia, huhisi dharau kwa sababu neno limekatwa na kugeuzwa, na anaona kama aliyekatwa ni mama mwenyewe. Hisia yake ni ya kweli, ila haisemi lolote kuhusu nia ya msemaji.

Tofauti hii inapopuuzwa, nasaha hupoteza nguvu yake kwa namna mahususi. Kijana anayeambiwa kwamba namna yake yote ya kusema ni uchafu hana la kurekebisha, kwa sababu hawezi kuacha kusema kama rika lake na akabaki na rika hilo. Anachoweza kufanya ni kunyamaza mzee anapopita, basi. Laiti Maalim angeishia pale, hilo ndilo angelipata.

Kisha akafika kwenye mfano wake. Alitaka kuonyesha kwamba wapo vijana wenye adabu hata katika kundi lile, akamnyooshea kidole kijana mmoja aliyeketi kwenye kizingiti, akasema, "Mtazameni Kigugu. Mwamsikia yeye akitukana?"

Kigugu ndilo jina ambalo mtaa mzima humwita kijana huyo, kwa kuwa ana kigugumizi. Watu walicheka kidogo, kicheko cha mazoea. Yeye hakucheka. Aliinua mkono kama mwanafunzi, akasimama, na akaanza kusema. Sentensi yake haikuwa ndefu, lakini ilimchukua muda, na hakuna aliyemkamilishia maneno, jambo ambalo kwa kawaida watu humfanyia. Alisema: "Maalim, aya uliyoisoma sasa hivi ya majina. Na hili uliloniita?"

Pakawa kimya cha namna nyingine kabisa. Simu zilizimwa. Muuza kahawa alitazama chini.

Maalim alikaa kitambo. Kisha akasema, "Niwie radhi, mwanangu. Jina lako nalijua, na babako ndiye aliyeniomba nikuombee dua siku ulipopewa. Nimefuata mdomo wa mtaa." Akamwita kwa jina lake, mara mbili, na kijana akaitika na kuketi.

Nimelifikiria tukio hili mara nyingi, na sidhani kwamba nguvu yake ilitokana na unyenyekevu wa mzee peke yake, ingawa ulikuwepo. Nguvu yake ni kwamba liliwaonyesha wote, Maalim akiwemo, jambo ambalo dakika ishirini za mwanzo zililificha. Neno "kigugu" halimo katika orodha ya matusi ya mtu yeyote. Halikusemwa kwa hasira, bali kwa sifa. Lilisemwa na mtu mwenye adabu kuliko wote waliokuwepo. Na bado lilimuumiza aliyelisikia, kwa sababu msemaji alilipima kwa nia yake mwenyewe bila kulipima kwa masikio ya mwenziwe. Hivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule aliyepoteza mchezo wa dhumna. Naye alipima kwa nia yake.

Kutoka hapo mazungumzo yalibadilika. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa amekaa kimya huku kofia yake ya chuma ikiwa magotini, alipata ujasiri akasema: "Maalim, sisi hatutukanani, twacheza. Mimi nikimwambia huyu neno lile, hakasiriki. Akiambiwa na mtu mwingine, tutapigana."

Maneno hayo yanastahili kutazamwa vizuri, maana yana elimu ndani yake. Kati ya marafiki wa rika moja, tusi zito hugeuka kuwa kipimo cha ukaribu. Anayeruhusiwa kunitukana bila kupigwa ni yule tu aliye wangu. Ni aina ya utani, na utani si jambo geni kwetu, kwani watani wamekuwa wakiambiana yasiyosemeka hata katika mazishi. Lakini utani una mipaka inayojulikana: kila mmoja anamjua mtani wake, na asiye mtani haguswi. Matusi ya barazani yana mpaka huo kati ya wanaocheza. Yamekosa mpaka kati ya wanaocheza na wapita njia.

Maalim hakulisema kwa maneno hayo. Alisema kwa ufupi kuliko mimi: "Najua mwacheza. Lakini yule mtoto hachezi nanyi."

Mji wa Kale una hali yake ambayo hulifanya jambo hili kuwa zito kuliko mahali pengine. Vichochoro ni vyembamba, kuta zimesimama uso kwa uso, na baraza ziko kwenye njia yenyewe. Madirisha ya ghorofa ya kwanza yako juu ya kichwa cha anayeketi barazani. Neno linalosemwa kwa sauti ya kawaida ya mchezo huingia sebuleni kwa watu bila hodi. Katika uwanja wa mpira msikilizaji anaweza kusogea, lakini hapa hana pa kusogea, kwa sababu amo ndani ya nyumba yake.

Baada ya hapo ndipo Maalim alipofanya jambo ambalo kwangu ndilo lilikuwa nasaha hasa. Aliwauliza vijana swali la kushangaza: mtu akibanwa na mkojo akiwa amekaa na mama yake mzazi, husemaje? Wakacheka. "Mwateka nini? Nijibuni," akasema. Mmoja akasema "naenda haja". Mwingine akasema "najisaidia". Wa tatu akasema "naenda msalani", na wa nne akasema kwamba yeye huinuka tu akaenda bila kusema. Na kwa wenzenu hapa barazani, mwasemaje? Hapo walicheka zaidi, na hakuna aliyejibu, ingawa wote tulijua jibu.

"Basi ndimi mbili mnazo," akasema. "Sikuya kuwapa ulimi mpya."

Kwa lugha ya darasani, alikuwa akizungumzia tafsida na rejista, yaani kubadilisha namna ya kusema kufuatana na mahali na msikilizaji. Wanafunzi wangu huikariri mada hii kwa ajili ya mtihani, wakiandika kwamba "kujifungua" ni tafsida ya "kuzaa" na "kuaga dunia" ni tafsida ya "kufa", kisha huifunga kwenye daftari kana kwamba haihusiani nao. Maalim aliianza kutoka upande wa pili. Aliwaonyesha kwamba tayari wanaifanya, kila siku, wanapovuka kizingiti cha nyumba zao. Kijana yuleyule anayetukana barazani huingia ndani, akamwamkia nyanya yake "shikamoo", akaitikiwa "marahaba", akasema "tafadhali" na "ahsante", bila kujikaza. Kwa hiyo swali halikuwa tena kama vijana wana heshima au hawana. Lilikuwa: mlango wa kubadilishia ulimi uko wapi? Wao waliuweka kwenye kizingiti cha nyumba. Maalim alitaka wausogeze mpaka kwenye njia.

Akawakumbusha pia neno ambalo nadhani nusu yao walikuwa wamelisikia kwa bibi zao tu: hashakum. Mtu mzima anapolazimika kutaja kitu kisichopendeza, tuseme najisi, au mnyama ambaye kutajwa kwake mbele ya watu si adabu, hutanguliza "hashakum", na wengine humalizia "hashakum si matusi", kisha akasema analotaka kusema. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu na maana yake ni kuwaepusha wasikilizaji na kinachotajwa. Linavutia kwa kuwa halikatazi jambo kusemwa. Linamtaka msemaji aonyeshe kwanza kwamba amewaona wanaomsikiliza. Kijana mmoja wa chuo aliuliza kwa mzaha kama mtu anaweza kusema hashakum kisha akatukana. Maalim akamjibu kwamba ajaribu, aone kama tusi litatoka baada ya hapo. Kijana akajaribu kimoyomoyo, akatabasamu, akatikisa kichwa.

Hapa niongeze kitu ambacho Maalim alikigusa kidogo akapita, nami nilitamani akikalie. Heshima ya lugha katika mji huu haijawahi kuwa upole mtupu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, alijibizana na wapinzani wake kwa tungo zenye makali, na wanawake wetu wamekuwa wakipelekeana maneno mazito kwa maandishi ya leso bila kufungua kinywa. Anayefumbiwa hujua kwamba ndiye, na anayepita hujua tu kwamba ni leso nzuri. Fumbo linamchoma mlengwa na kumwacha mpita njia salama, ilhali tusi la nguoni linalotupwa barazani mlengwa hulicheka, na mpita njia ndiye anayechomeka. Mtu akitaka kuwaambia vijana kwamba wamepoteza kitu, ningeanzia hapa: ufundi wa kushambulia umepotea, makelele yamebaki.

Karibu na mwisho alisimama mzee mwingine, mmoja wa wawakilishi wa Nyumba Kumi mtaani, akasema kwamba maneno matupu hayatoshi na kwamba yeye yuko tayari kupeleka majina kwa chifu na polisi. Vijana walikunja nyuso mara moja, na kwa dakika moja hivi nilidhani kila kitu kimeharibika. Ni kweli sheria ipo. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamgusa anayetumia maneno ya vitisho, ya matusi au ya dharau mahali pa umma, lakini kwa sharti kwamba awe na nia ya kuchochea uvunjaji wa amani, au amani iwe inaelekea kuvunjika kwa maneno hayo. Marafiki wawili wanaotukanana huku wakicheka hawakaribii sharti hilo. Aliyeumia katika kisa chetu ni mtoto aliyejifunza neno, na hakuna kifungu kinachomfaa. Maalim, bila kutaja sheria yoyote, alimshika mwenziwe mkono akamketisha, akasema, "Hawa ni wetu. Polisi ni wa wageni." Sikubaliani naye kwa jumla, maana wapo watu wetu wanaostahili polisi, lakini kwa usiku ule alikuwa sahihi.

Kilichobaki kilikuwa cha vitendo. Vijana wenyewe walilalamika kwamba mtu akiwa ameinamia mchezo hawezi kujua nani anapita. Ndipo Maalim alipokumbuka mahamali wa utoto wake, waliosukuma mikokoteni katika vichochoro hivi hivi huku wakipaza sauti, "Simile! Simile!" ili watu wapishe njia. Akapendekeza kwamba anayeketi mwisho wa baraza, ambaye huiona njia yote, aseme neno hilo kila anapokuja mtu asiye wa mchezo. Vijana walilipokea kwa kicheko, na nadhani walilipenda kwa sababu lina sauti ya kizamani na linaweza kusemwa kwa mbwembwe. Walilirudia mara tatu nne, kila mmoja kwa lafudhi yake ya hamali.

Nilipita pale karibu kila jioni kwa wiki sita zilizofuata, na nina haya ya kusema kuhusu nilichokiona.

Kwanza, matusi hayakuisha, na asitokee mtu akadai kwamba yaliisha. Usiku wa mechi kubwa za Ulaya neno "simile" halisikiki kabisa, kwa sababu aliyekaa mwisho wa baraza naye anatazama simu. Madereva wa bodaboda wanaotoka mitaa mingine hawajui mapatano hayo na hawana sababu ya kuyajua. Siku za kawaida, hata hivyo, kuna mabadiliko, na nilitafuta namna ya kuyapima bila kujidanganya. Kipimo kibaya ni kumtazama Maalim akipita. Akipita yeye, baraza lote huwa bubu, kama lilivyokuwa bubu kabla ya nasaha, na hicho ni kimya cha hofu. Kipimo kizuri ni kumtazama mtu asiye na cheo: mtoto aliyetumwa dukani, mwanamke aliyebeba ndoo, mzee mgeni asiyejulikana na mtu. Nilianza kuwahesabu, kisha nikaona upuuzi wa kuhesabu, nikabaki kusikiliza. Mara nyingi kuliko zamani, mazungumzo hayakatiki bali hugeuka: aliyekuwa karibu kutukana humalizia kwa "mjinga wewe", au sauti hushuka, na mmoja huinua kichwa akasalimu. Kule kugeuka bila kukatika ndiko kunakonionyesha kwamba mlango wa ulimi umesogea kidogo.

Pili, kuna upande mzima ambao nasaha haikuufikia, na lawama hii namwekea Maalim pamoja nasi tuliompangia. Hapakuwa na msichana hata mmoja barazani usiku ule, wala mama yeyote, ingawa shitaka lililetwa na mwanamke. Matokeo yake, neno "heshima" lilibaki na maana moja: kutosema machafu. Binti anayepita pale akienda chuoni hasikii machafu. Husikia, "Mrembo, mbona hutusalimii?" kisha, akinyamaza, husikia, "Maringo hayo!" Ukiyachukua maneno hayo moja moja, hakuna hata moja ambalo Maalim angelikemea. Yote ni Kiswahili safi, na la kwanza lina sura ya sifa. Hata hivyo, mpwa wangu wa miaka 19 huzunguka njia ndefu kupitia upande wa Makadara ili asiyasikie. "Simile" haimsaidii, na kwa kweli inamzidishia mzigo: alinieleza kwamba neno hilo likipigwa, vijana wote huinua vichwa kwa pamoja na kumtazama. Kabla ya mapatano walikuwa angalau wameinamia mchezo. Nilimweleza Maalim jambo hili. Alinyamaza, akauliza kama mpwa wangu angekubali kuja kulisema mwenyewe, mbele ya vijana na yeye akiwa ameketi kando yake. Mpwa wangu amesema atafikiri. Sijamsukuma.

Tatu, kuhusu yule kijana wa kizingitini. Maalim humwita kwa jina lake tangu usiku ule, na baadhi ya watu wazima wamemfuata. Wenzake wa rika bado humwita Kigugu. Nilimuuliza faraghani kama linamkera, akaniambia, kwa taratibu zake, kwamba wao wana haki kwa sababu naye anawaita majina yao mabaya zaidi. Aliyekuwa hana haki ni mtu mzima, mbele ya watu. Nilipomsikia niliona kwamba ameieleza mipaka ya utani kwa usahihi kuliko nilivyoieleza mimi hapo juu.

Juzi nilinunua viazi karai kwa bibi wa kona, nikamuuliza anaonaje mambo barazani siku hizi. Alikuwa anakoroga ukwaju, hakuinua macho. Aliniambia kwamba jioni moja alikuwa akipita pale na mjukuu wake, akasikia mtu akipiga kelele "Simile!" nyuma yake. Akamvuta mtoto, wakajibanza ukutani kuupisha mkokoteni, wakasimama pale kwa muda, yeye na sufuria lake kichwani, wakingoja. Mkokoteni haukuja. Alipogeuka aliona vijana wote wamenyamaza wakimtazama, na mmoja akamwambia, "Pita, bibi, ni wewe."

Nikamuuliza mtoto alisema nini. Akasema mtoto aliuliza simile ni kitu gani, na safari hii alimjibu.